Kutoka Hati ya Mshahara hadi Hati ya Bima: Maneno Manne na Mnunuzi wa Mara ya Kwanza

Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza maneno manne ya bima, yaani ada, makato, dai na mnufaika, kwa kuyatazama pale yanapofanya kazi: mezani kwa wakala, mbele ya mtu anayenunua bima kwa mara ya kwanza. Swali la msingi si kama Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuielezea bima. Maneno yapo, na mengi yake ni ya zamani kuliko bima yenyewe. Swali ni kwamba mnunuzi huja nayo na maana gani, na ni jambo gani humpata pindi maana hiyo inapokutana na maana ya mkataba.

Neno bima liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, ambako huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya hofu au hatari. Katika Tanzania biashara hii ilikaa kwa muda mrefu mikononi mwa chombo kimoja. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likawa mali ya umma mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na likabaki peke yake sokoni hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Sheria iliyofuata, ya mwaka 2009, iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Katika kipindi chote hicho hati nyingi za bima zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kimekuwa lugha ya kuzifafanua kwa mdomo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini mkataba wa biashara hautungwi bungeni. Kwa hiyo istilahi ambazo mnunuzi huzisikia bado ni zile anazozichagua wakala, papo kwa papo, akiwa na haraka ya kuuza.

Na achukuliwe mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anayeishi Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya Tengeru. Mfano huu ni wa kubuni, ila hauna jambo lisilo la kawaida. Mwalimu huyu amenunua gari dogo lililokwishatumika, lenye thamani ya shilingi 12,000,000, na ameteremka mjini Arusha kulikatia bima. Hataki ile bima ndogo, ambayo inahusu madhara yanayowapata watu wengine kwa sababu ya gari lake. Anataka bima kubwa, inayolihusu na gari lenyewe. Kwa kuwa yuko ofisini tayari, anakusudia pia kukata bima ya maisha kwa ajili ya wanawe.

Mwalimu huyu hujiona mgeni kabisa wa bima, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu si mgeni. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Utaratibu ulioanza nao ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri, na huduma zikiwafikia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mtumishi wa namna hii amekwisha kujifunza maneno ya bima kutoka katika hati ya mshahara. Anajua mchango, anajua makato, anajua wanufaika. Anaingia katika ofisi ya wakala akiwa na kamusi kamili kichwani, nayo ni kamusi ya bima nyingine.

Ada na mchango

Wakala anamwambia kwamba ada ya bima kwa gari lake ni asilimia 3.5 ya thamani, yaani shilingi 420,000 kwa mwaka, bila kuhesabu kodi ya ongezeko la thamani. Baadhi ya mawakala husema premiamu. Neno hilo halimwambii mnunuzi chochote, lakini angalau halimdanganyi.

Ada lina historia. Kabla ya kuwa malipo ya shule lilikuwa malipo yaliyozoeleka ambayo mtu humpa mganga, kungwi au mwalimu kwa kazi aliyoifanya. Kiini cha neno ni kwamba kazi imefanyika au itafanyika: mtoto atasoma, mgonjwa atatibiwa, mwari atafundwa. Mwalimu wa Akheri akifikisha miezi 12 bila ajali atarudi ofisini akiwa na swali la haki kabisa kwa mujibu wa maana hiyo: kazi gani imefanyika kwa shilingi 420,000? Mbona hazirudishwi?

Neno mchango hujibu swali hilo vizuri zaidi. Hapana mtu anayedai kurudishiwa mchango wa msiba kwa hoja kwamba mwaka huu kwake hakukutokea msiba. Kila mtu anaelewa kwamba fedha za wengi zimekwenda kwa wachache waliofikwa, na kwamba mchangaji hakupoteza kitu kwa kutofikwa. Hivyo ndivyo fungu la bima linavyofanya kazi, na maelezo ya namna hiyo humwingia mnunuzi mara moja.

Hata hivyo, mchango nao una upungufu wake. Mchango wa msiba unaweza kuchelewa, ukapungua, ukatolewa kwa mahindi badala ya fedha, na bado mtoaji akabaki ndugu na jirani. Bima haina ulegevu huo. Tanzania hufuata kanuni kwamba kampuni haibebi hatari kabla ada haijalipwa. Mtu aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi na akapata ajali tarehe 20 hana bima. Tena mchango wa jirani hupimwa kwa uwezo na moyo, lakini ada hupimwa kwa thamani ya kitu na ukubwa wa hatari. Mwalimu aliyezoea asilimia ya mshahara hushangaa kuona kwamba hapa hakuna anayeuliza mshahara wake ni kiasi gani. Yamkini njia iliyo bora ni kuliacha neno ada mkatabani, kwa sababu linabeba ulazima, na kulitumia neno mchango katika kuifafanua.

Makato ambayo hayakati

Sehemu hii inahitaji kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayozaa ugomvi.

Mkataba wa mwalimu una kifungu kinachosema kwamba katika kila ajali yeye mwenyewe atabeba asilimia 10 ya hasara, isiyopungua shilingi 300,000. Waingereza wana neno lao kwa kiasi hiki, na mawakala wa Arusha hulitamka ekses. Wamarekani wana neno jingine, na hilo ndilo lililozaa tafsiri ya makato. Wako pia waliolitafsiri lile la Kiingereza cha Uingereza neno kwa neno wakapata kiasi cha ziada, tafsiri iliyo mbaya kuliko zote, kwani ziada katika Kiswahili ni nyongeza anayoipata mtu, mfano wa ile ya muuza ndizi wa Tengeru anayemwongezea mteja mbili juu ya kichane.

Makato kwa mtumishi wa umma ni fedha zinazoondolewa katika mshahara kabla haujamfikia: kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, mkopo, bima ya afya. Zina sifa tatu. Zinajirudia kila mwezi, zinachukuliwa na mtu mwingine, na zinatoka katika fedha ambazo tayari ni haki ya mwenyewe. Kiasi kinachozungumzwa katika mkataba wa bima hakina hata moja kati ya sifa hizo, kama hesabu ifuatayo inavyoonyesha.

Siku ya soko gari la mwalimu linakwaruzwa na mkokoteni. Kioo cha pembeni na taa vinavunjika. Fundi anataka shilingi 250,000. Asilimia 10 ya kiasi hicho ni shilingi 25,000, lakini mkataba unasema isipungue shilingi 300,000. Hasara yote iko chini ya kiwango hicho, basi kampuni haitoi kitu. Hakuna kilichokatwa hapa, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinalipwa.

Wakati wa masika gari linateleza katika njia ya kupanda Akheri na kutumbukia mtaroni. Matengenezo ni shilingi 2,000,000. Asilimia 10 ni shilingi 200,000, bado ni pungufu ya kiwango cha chini, kwa hiyo mwalimu anabeba 300,000 na kampuni 1,700,000. Laiti hasara ingekuwa shilingi 5,000,000, asilimia 10 ingekuwa 500,000. Mwalimu angebeba hizo na kampuni ikabeba 4,500,000. Mpaka kati ya hesabu hizi mbili ni hasara ya shilingi 3,000,000: chini yake kinatumika kile kiwango cha chini, na juu yake inatumika asilimia.

La kuangaliwa zaidi ni namna malipo yanavyofanyika. Aghalabu kampuni haimpi mteja fedha mkononi, bali inailipa gereji. Gereji inapokea 1,700,000 kutoka kwa kampuni na inamtaka mwalimu alete 300,000 kabla ya kulitoa gari. Mwalimu anatoa fedha mfukoni mwake, anampa fundi, nayo kampuni haigusi hata senti ya fedha hizo. Lakini kwa kuwa aliambiwa makato, anaamini kwamba kampuni ndiyo inayomkata. Mazungumzo yanayofuata husikika mara nyingi katika ofisi za namna hii:

"Kaka, mimi nililipa laki nne na ishirini mwezi wa kwanza. Mbona mnanikata tena?"

"Hatukukati, mwalimu. Ile laki tatu ni ya kwako wewe."

"Kama ni ya kwangu, basi nipeni."

Mwalimu hana kosa katika jibu hilo. Katika Kiswahili, kitu ambacho ni chako ni kitu unachopewa. Kwa sababu hiyo hiyo, mapendekezo ya kusema fungu la mwenye bima au sehemu ya mwenye bima hayasaidii sana: fungu na sehemu ni vitu ambavyo mtu hugawiwa. Hata maneno yanayoonekana hayana madhara, yaani isiyopungua shilingi 300,000, husomwa kinyume. Mnunuzi huyachukua kuwa ahadi kwamba yeye hatapata chini ya kiasi hicho. Kukosewa huku si kwa msamiati. Sentensi haisemi wazi nani anabeba na nani anapokea.

Jambo hili linazidishwa na mzizi wenyewe. Mteja hukata bima kama anavyokata tiketi, wakala humkatia, naye huitwa mkatiwa bima. Mwajiri humkata mshahara. Kisha yanakuja makato. Mzizi mmoja, -kat-, unabeba kununua, kuhudumiwa na kupunguziwa, yote katika chumba kimoja na alasiri moja. Istilahi inayoweza kuokoa hali ni ile yenye kitenzi kinachoonyesha mwelekeo wa mzigo, mathalani kiasi cha kujibebea. Si istilahi nzuri kwa masikio, na inavunja ile desturi ya kupenda istilahi za neno moja. Lakini mwalimu akiambiwa kwamba katika kila ajali atajibebea laki tatu za kwanza, hana pa kukosea.

Inafaa pia aambiwe kwamba hesabu hii huanza upya kwa kila ajali. Katika bima nyingi za afya za Marekani kiasi hicho huhesabiwa kwa mwaka mzima, na mgonjwa akishakifikisha hawajibiki tena kukitoa hadi mwaka ujao. Mtu aliyejisomea maelezo ya huko, kisha akapata ajali mbili hapa katika mwaka mmoja, huenda kwa fundi mara ya pili akiamini kwamba amekwisha kumaliza.

Dai

Kitenzi kudai kina maana mbili zinazoishi pamoja. Mtu akisema namdai jirani yangu shilingi 50,000, hapana shaka juu ya deni; limo katika sentensi yenyewe. Gazeti likiandika kwamba mshitakiwa anadai hakuwapo, mwandishi anajitenga na kauli hiyo. Ni dai tu, halijathibitishwa. Mwalimu anapokwenda kupeleka dai lake huwa na maana ya kwanza. Ofisa anayelipokea huwa na maana ya pili. Kila mmoja anatumia Kiswahili sanifu, na kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu.

Mkataba uko karibu zaidi na maana ya pili. Dai ni ombi linaloanza na taarifa. Mwalimu anatakiwa kuijulisha kampuni ndani ya muda uliotajwa mkatabani, kupata taarifa ya polisi wa usalama barabarani, kujaza fomu, na kuliacha gari bila kulitengeneza hadi mkadiria hasara alione. Hapa ndipo wanyofu wanapoumia. Mtu anayeona kwamba anaidai kampuni hulitengeneza gari kwanza, kisha huleta risiti, kama ambavyo angefanya kwa jirani aliyemvunjia ua. Kwa kampuni, ushahidi umekwisha kuondoka. Si vibaya kutaja hapa kwamba mawakala wengine huiita hati ya bima polisi, na mteja anayeambiwa baada ya ajali alete polisi anaweza kufika na ofisa aliyevaa sare.

Dai likikubaliwa huzaa fidia, na neno hili limechaguliwa vizuri. Fidia hurudisha mtu pale alipokuwa, haimtajirishi. Kama gari la shilingi 12,000,000 likiharibika kabisa mwezi wa kumi na moja, na bei yake sokoni siku hiyo ikawa 10,000,000, mkataba wa kawaida wa fidia huanza kuhesabu kutoka 10,000,000, kisha huondoa asilimia 10. Mwalimu hupata 9,000,000. Anayeshika maana ya deni huona amedhulumiwa milioni tatu.

Kabla ya malipo huletwa karatasi ya mwisho, ambayo mteja hutia saini kwamba amepokea malipo kamili na hana madai mengine. Wengi huichukulia kuwa risiti. Si risiti, ndiyo inayofunga dai. Anayeona kiasi hakitoshi anapaswa kusema kabla ya saini hiyo, kwanza kwa kampuni yenyewe, na akishindwa huko, kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake inatokana na sheria ya mwaka 2009.

Mnufaika na mrithi

Limebaki neno ambalo mwalimu anaamini analijua kuliko yote. Katika bima ya afya wanufaika ni mume wake na wanawe: watu wanaotibiwa sasa, yeye akiwa hai, kwa kadi zenye majina yao. Fomu ya bima ya maisha ina nafasi iliyoandikwa Mnufaika, naye anaanza kuwaandika wote kwa mazoea, kama anayeorodhesha wanaokula nyumbani.

Mnufaika wa bima ya maisha ni mtu wa namna nyingine. Hapati kitu mwalimu akiwa hai, hata akiugua. Hupokea mwalimu akifariki, na hupokea kwa sababu jina lake limo katika mkataba, wala si kwa sababu ya undugu. Ndiyo maana wakala anayeliona neno hilo ni gumu na kulifafanua kwa kusema mrithi humwingiza mteja katika tatizo kubwa zaidi. Urithi kwa Wameru na Waarusha hufuata upande wa baba, na ukoo una sauti katika kikao kinachofuata matanga. Mrithi hupatikana kwa sheria, kwa mila, kwa dini au kwa wosia, na mali ya marehemu hupitia kwa msimamizi wa mirathi anayethibitishwa na mahakama. Mtu akiitwa mrithi katika fomu ya bima, ukoo utauliza kwa haki kabisa kwa nini hakuletwa kikaoni na fedha zake.

Kampuni humlipa aliyetajwa. Kama mtu huyo anabaki na fedha zote mbele ya warithi ni suala jingine la kisheria, na istilahi haiwezi kulitatua. Lakini istilahi inaweza kuzuia lisizaliwe bila sababu. Pale ambapo hakutajwa mtu, au aliyetajwa amekwisha kufariki na fomu haikurekebishwa, fedha huelekea katika mirathi, na ndipo hilo neno mrithi linapokuwa sahihi.

Tafsiri iliyo wazi zaidi kwa nafasi ile ya fomu ni atakayelipwa. Ina kitenzi, ina wakati ujao, na haina ukoo. Mwalimu wa Akheri akiisoma hivyo ataacha kuwaorodhesha wanaokula nyumbani na ataanza kufikiri: mwanawe wa kwanza ana miaka 19 na wa pili ana miaka 11, na mtoto wa miaka 11 hawezi kutia saini ya kupokea fedha. Ataandika jina la mkubwa na asilimia 50, kisha jina la mdogo na asilimia 50, na mbele ya jina la mdogo, katika ile nafasi ambayo wengi huiacha wazi, ataandika jina la mtu mzima atakayepokea kwa niaba yake.